Menyu ya pesa kukatika baada ya namba ya siri: urudie au usubiri?

"Wakuu, nipo Tandahimba, natumia kitochi. Nimetuma 40,000 kwa fundi, nimeweka namba ya siri, menyu ikapotea bila jibu. Meseji haijaja. Nirudie?"

Usirudie kwanza, mkuu. Angalia salio.

Menyu ya USSD haikai kwenye simu yako, iko kwenye seva. Ukipiga namba kama `*150*00#`, mtandao unafungua kikao kati ya simu na seva, na kikao hicho kinabaki wazi wakati unajibu. Ukibonyeza 1, inayosafiri ni hiyo 1 tu. Seva ndiyo inayokumbuka umefika hatua gani, kisha inakurudishia maandishi ya kioo kinachofuata. Kila ujumbe mwisho wake ni herufi 182, ndiyo maana menyu ndefu hukatwa vipande. Kazi ya simu ni kuonyesha maandishi na kurudisha jibu, bila bando wala programu. Hilo kitochi kinaliweza sawasawa na simu ya laki tano. (Ila vitochi vingi huonyesha namba ya siri waziwazi, kwa hiyo ficha kioo ukiwa kwa wakala.)

Meseji ya kawaida ni tofauti. Simu ikiwa haipatikani, meseji huhifadhiwa kituoni na kutumwa tena baadaye. Kikao cha USSD hakihifadhiwi. Mnara ukipotea, au wewe ukichelewa kujibu hadi muda uishe, kinakufa na utaanza upya.

Sasa swali ni kimekufa wapi. Kikikatika kabla hujatuma namba ya siri, hakuna kilichofanyika. Baada ya hapo kuna mawili: labda ombi halikufika, labda lilifika, pesa ikahama, na lililopotea njiani ni jibu tu. Ukikitazama kioo huwezi kuyatofautisha.

Tuseme ulikuwa na 90,000. Subiri dakika chache, piga upya, ingia kwenye salio. Ukikuta limepungua 40,000 pamoja na makato, pesa imetoka. Ukirudia hapo utamtumia fundi mara mbili, kwa sababu 50,000 kasoro iliyobaki inatosha kutuma tena, na mfumo unaweza kuliona hilo kama ombi jipya kabisa. Salio likiwa bado 90,000, angalia na taarifa fupi ya miamala ndipo utume upya.

Na kabla ya kulalamika kwamba meseji haijaja, fungua sanduku la meseji. Vitochi vina nafasi ndogo. Likijaa, meseji ya muamala inabaki kituoni. Futa kama kumi za zamani, uone kama itaingia.

Siku nyingine andika namba ya fundi na kiasi kwenye karatasi kabla hujapiga. Kikao kinaweza kufa mtu akiwa anatafuta namba.