Re: Utambi mmoja, nta mbili

«Utambi wangu wa mshumaa unawaka vizuri kwenye nta ya parafini. Kwa nta ya nyuki unachimba shimo katikati, kisha moto unazama. Nta ni mbaya?»

Hapana dada, utambi ndio mwembamba. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 63, na ikiyeyuka bado ni nzito, inapanda polepole ndani ya pamba. Moto mdogo unayeyusha katikati tu, kuta zinabaki, nta inajaa shimoni na kuuzamisha.

Mimi hapa Bukavu nilimimina glasi tatu zenye upana wa sentimita 7, nta ileile, tambi za unene tatu, zote nimezikata milimita 6. Nikawasha kwa muda wa saa tatu, dirisha limefungwa, maana upepo wa ziwa unadanganya. Mwembamba uliyeyusha sentimita 4 tu. Wa kati ulikaribia ukingo, moto umetulia. Mnene ulichezacheza, ukaota kichwa cheusi kama uyoga, masizi yakapaka glasi.

Nilichukua wa kati. Ukingoni ukibaki utepe mwembamba wa nta usioyeyuka, usikimbilie kuongeza unene: mshumaa ukishuka, glasi inashika joto na utepe unayeyuka wenyewe. Ukibadilisha glasi, jaribu upya.