Kabla hujaita mwizi, usome ule mstari mpaka mwisho

Jumapili msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, kadi yangu imekatwa shilingi 2,600 na duka nisilolijua. Hela ndogo, niachane nayo?" Nikamwambia asiachane nayo hata kidogo. Ila kabla sijaeleza kwa nini, wacha nikiri ya kwangu, maana mimi ndiye niliyekatwa kihalali nikapiga yowe la mwizi.

Ilikuwa Machi 2025. Kwenye taarifa ya akaunti nikaona shilingi 31,600.40. Mstari ulikuwa na tarehe mbili, jina la kampuni, nyota, herufi chache zisizosomeka, na mwishoni LONDON GB. London! Mimi wa Tabata, pasipoti yenyewe sina. Nikaitafuta dola 10, dola 12, kila nilichowahi kulipia mtandaoni, hakuna kilicholingana. Nyumbani nilikuwa nakaa na mtoto wa dada yangu, kijana wa chuo, ambaye hutumia kompyuta yangu. Nikamwita sebuleni. Akasema, "Mama mdogo, kadi yako sijaigusa." Sikumwamini. Nikaifunga kadi, nikajaza fomu ya kupinga muamala, nikatia saini kwamba sihusiki.

Baada ya wiki kadhaa benki ikanirudishia majibu ya muuzaji: barua pepe yangu, jina langu, na siku niliyojiunga. Ni programu ya kuhariri picha, niliyoanza kuijaribu bure tarehe 28 Februari.

Kila kitu kilikuwa kwenye ule mstari. Katika zile tarehe mbili, ya 17 Machi ni siku benki ilipoandika makato kwenye akaunti, na ya 14 Machi ndiyo siku kadi ilipotozwa kweli. Mimi nilihangaika na Jumatatu ya tarehe 17. Ningerudi nyuma siku 14 kuanzia tarehe 14, ningeangukia 28 Februari, na barua pepe ya kunikaribisha ingekuwa pale pale. Siku 7, 14 au 30 ndiyo mihula ya kawaida ya majaribio ya bure, kwa hiyo hesabu hiyo ifanye kwanza.

Kiasi nacho kilinidanganya kwa sababu nilitafuta bei iliyotangazwa, dola 10. Juu yake kulikuwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ikawa dola 11.80. Benki ikahesabu dola kwa shilingi 2,600, ikapata 30,680, kisha ikaongeza asilimia 3 yake ya kubadili fedha. Jumla ni 31,600.40, senti kwa senti. Makato yenye senti za ajabu mara nyingi ni fedha ya kigeni iliyobadilishwa, kwa hiyo irudishe kwenye dola kabla hujatafuta risiti.

Na ile nyota? Jina lililo kabla yake mara nyingi ni la anayepokea malipo kwa niaba ya wengine, kama `PAYPAL *` au `GOOGLE *`. Muuzaji wako yuko baada ya nyota, tena jina lake limekatwa kwa kukosa nafasi. Na mji unaoandikwa mara nyingi ni wa ofisi ya kampuni, si mahali kadi ilipotumika.

Sasa turudi kwa msomaji wangu. Nilimwomba aniandikie mistari yote ya siku hiyo. Saa tisa usiku kakatwa 2,600, dakika nne baadaye 2,600 nyingine kwa muuzaji tofauti kabisa, kisha kuna ujumbe wa muamala wa karibu laki tisa uliokataliwa kwa salio dogo. Barua pepe ya malipo hayo hana hata moja, na siku za nyuma hakuna jaribio la bure. Huyo ni mwizi anayepima kama kadi ni hai. Kuwa na kadi mkobani hakukulindi, maana mtandaoni namba zake zinatosha.

Kwa hiyo, wapenzi, ukiwa na shaka isimamishe kadi kwa muda usiku huo huo kwenye programu ya benki. Hiyo haimtuhumu mtu, na unaweza kuifungua kesho. Fomu ya kupinga muamala jaza ukishamaliza hesabu ya tarehe na dola, lakini usilale: kwa Visa na Mastercard, dirisha la madai ya wizi kwa kawaida ni siku 120, na benki yako inaweza kukupa pungufu. Kama malipo ni yako, futa usajili wako kwa muuzaji mwenyewe. Mimi nilifunga kadi nikidhani nimemaliza, mwezi uliofuata programu ile ile ikaipata kadi mpya.

Msomaji kadi yake imeshafungwa, anasubiri nyingine. Kijana wangu siku hizi anakaa hosteli. Nilimpigia kuomba radhi, akasema yameisha, mama mdogo. Idd hii hakuja.