Mpeleka mizigo akigonga mtu, nani analipa?

Mkataba wangu na mpeleka mizigo unasema wazi kwamba yeye si mwajiriwa. Sasa amemgonga mtembea kwa miguu. Nimesalimika?

Bado. Mahakama huanza na mkataba, kisha huangalia mnavyofanya kazi siku hadi siku. Katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, mwajiri hubeba kosa la mwajiriwa lililotendeka kazini hata kama yeye mwenyewe hakukosea chochote. Kosa la mkandarasi huru, kwa kawaida, habebeshwi mtu aliyempa kazi. Kwa hiyo swali ni moja: kijana huyu anaendesha biashara yake, au anaitumikia ya kwako?

Tuseme pikipiki ni yake, mafuta ananunua mwenyewe, na unamlipa kwa safari. Hapo anafanana na mkandarasi. Lakini zamu unampangia wewe, bei ya safari unaiweka wewe, akichelewa unamkata, akiumwa haruhusiwi kumtuma mwenzake, na wateja wote ni wako. Ningekuwa wakili wa aliyegongwa, ningeomba kwanza meseji ulizomtumia. "Uko wapi? Saa tano na nusu uwe umerudi, la sivyo leo hulipwi." Meseji kama hiyo ina uzito kuliko kifungu kizima cha mkataba.

Wengi hudhani sare na nembo kwenye boksi ndivyo vinavyoamua. Sivyo. Katika kesi ya Ready Mixed Concrete ya mwaka 1968, Uingereza, dereva alivaa sare ya kampuni na lori lilipakwa rangi zake, lakini alihesabiwa mkandarasi. Lori lilikuwa lake, gharama za kuliendesha zilikuwa juu yake, na aliruhusiwa kumweka dereva mwingine badala yake. Kesi ile ilihusu michango ya bima ya taifa, ila kipimo chake kimeendelea kutumika hata kwenye madai ya fidia.

Ni mwajiriwa wangu kweli, lakini siku hiyo alichepuka kwenda kumsalimia dada yake. Hilo si lake mwenyewe?

Inategemea alichepuka kiasi gani, na kwa ajili ya nani. Tangu kesi ya Joel dhidi ya Morison, mwaka 1834, mahakama hutofautisha aliyezunguka kidogo akiwa bado kazini na aliyeacha kazi akaenda kwenye mambo yake. Kama alikata mtaa mmoja, mzigo wa mteja uko mgongoni na bado anaelekea kuufikisha, jiandae kulipa. Kama alishamaliza kazi ya siku akachukua pikipiki kwenda mji mwingine harusini, hilo ni lake. Katikati ya hayo mawili ndiko mawakili hubishana, na hapo kumbukumbu ya safari kwenye simu husaidia: huonyesha alikuwa wapi, saa ngapi, akielekea upande gani.

Nilimkataza kwa maandishi asikimbize pikipiki. Barua ninayo.

Barua hiyo haitakuokoa mbele ya aliyeumia. Mwaka 1862, katika kesi ya Limpus, dereva wa basi la farasi alikuwa amekatazwa kuzuia mabasi ya washindani, naye akalizuia moja hadi likapinduka. Kampuni ililipa. Katazo lilihusu namna ya kufanya kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ile ile aliyoajiriwa kuifanya. Ingekuwa tofauti kama ungemwajiri wa kufunga mizigo tu, asiyeruhusiwa kabisa kuendesha, kisha akajichukulia pikipiki.

Basi tuseme ni mkandarasi kwelikweli. Sidaiwi kitu?

Kwa kosa lake, kwa kawaida hudaiwi. Kwa kosa lako, unadaiwa, na wenye biashara wengi hawalioni hili. Ukimpa kazi mtu unayejua hana leseni, au ukimpa muda wa kufikisha mzigo usiowezekana bila kukiuka mwendo unaoruhusiwa, unaweza kushtakiwa kwa uzembe wako mwenyewe. Tena, kama pikipiki ni yako na aliiendesha kwa ombi lako, kwa shughuli yako, mwenye chombo anaweza kuwajibika hata pasipo ajira yoyote. Bunge la Malordi, wakati huo likiwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilikubali msingi huo katika kesi ya Morgans dhidi ya Launchbury.

Nikilipa mimi, dereva anaondoka hivihivi?

Haondoki. Aliyeumia anaweza kuwashtaki nyote wawili pamoja, ila hatalipwa mara mbili. Kisheria mwajiri aliyelipa anaweza hata kumdai mwajiriwa wake. Mwaka 1957 hilo lilikubaliwa katika kesi ya Lister dhidi ya Romford Ice. Mimi nisingekushauri, kwa sababu dereva mara nyingi hana kitu cha kukurudishia. Soma bima yako kabla ya hayo yote: je, inamtaja anayeendesha, na inaruhusu chombo kubeba mizigo ya biashara? Bima ya matumizi binafsi inaweza kukataa dai la pikipiki iliyokuwa ikipeleka oda.