Gonga ngumi hata pointi ikipotea

Nilikuwa nahodha wa timu ya mpira wa wavu kwa misimu mitatu, na muda mwingi niliamini tuna umoja wa kutosha. Tukipata pointi tulirukiana, tukagonga tano, benchi nalo likapiga kelele. Kisha siku moja mwenzetu aliyeteguka kifundo cha mguu alikaa nje na karatasi. Aliigawa safu mbili, pointi tulizopata na tulizopoteza, na kila wawili walipogusana mikono alichora kijistari. Safu ya kwanza ilijaa mpaka akageuza karatasi. Ya pili ilikuwa na vijistari vinne tu.

Karatasi ile ilinionyesha kitu nilichokuwa nakitazama kila mechi bila kukiona. Aliyekosea kupokea mpira huinama kufunga kamba za kiatu ambazo zimeshafungwa. Wengine humpa mgongo, si kwa ubaya, kila mtu anarudi tu kwenye nafasi yake. Aliye upande wa pili na mpira mkononi anaona haya yote. Akipata mtu aliyesimama peke yake kainamisha kichwa, anampelekea mpira huohuo tena. Kuna seti tulipoteza pointi nne mfululizo kupitia mchezaji mmoja, na katika zote nne hakuna aliyemsogelea. Mimi pia sikumsogelea.

Tukakubaliana jambo moja: pointi ikiisha, ya kwetu au ya kwao, wote sita tunakutana katikati ya uwanja wetu. Ngumi zinagusana, anasema mtu mmoja, tunarudi. Kama pointi imepotea, maneno yanahusu mpira unaokuja: "Mfupi nachukua mimi, wewe kaa nyuma." Hapo ndipo salamu inapofanya kazi yake. Aliyekosea anapata mkono, na papo hapo anapunguziwa eneo la kulinda. "Usijali" peke yake haimpunguzii chochote.

Iwe fupi, na hili tulilijua kwa kuumia. Washambuliaji wetu wawili walikuwa na salamu yao ya hatua tano: ngumi, kiwiko, bega, kuzunguka, tano ya juu. Ilipendeza kweli. Lakini mwamuzi akishapuliza filimbi, mpinzani ana sekunde 8 za kuanzisha mpira, na hakuna kinachomlazimisha kuzimaliza. Siku moja alipiga mara tu baada ya filimbi, wale wawili wakiwa bado wanazungukana. Mpangilio wetu ulikuwa umevurugika, tukahesabiwa kosa la nafasi na pointi ikaenda kwao. Madhara mengine hayakuonekana kwenye ubao: wale wanne waliobaki walikuwa watazamaji wa salamu ya watu wawili. Kama mnazo salamu za aina hiyo, zifanyeni wakati wa kuingia uwanjani. Katikati ya mchezo iwepo moja ya wote.

Kiitikio nacho kina kanuni zake. Mmoja anaita neno moja, wengine wanajibu neno moja. Mwitaji asiwe nahodha, maana nahodha mara nyingi yuko kwa mwamuzi akiuliza jambo. Sisi tulimpa libero, yule mchezaji wa kulinda nyuma, kwa sababu sauti yake ilifika hadi benchi, na mchezaji wa akiba anayeitikia haingii uwanjani akiwa baridi. Mwenye kidole kilichovimba kwa kuzuia mipira wavuni asilazimishwe kugonga. Atoe kigasha kiguswe.

Je, kugusana kunaleta ushindi? Mwaka 2010 watafiti Kraus, Huang na Keltner walichapisha utafiti kuhusu timu zote 30 za NBA. Walihesabu miguso ya wachezaji mwanzoni mwa msimu wa 2008–09: ngumi, tano, kukumbatiana, kukusanyika. Timu zilizogusana zaidi zilielekea kushirikiana na kucheza vizuri zaidi baadaye msimuni. Mimi nalisoma hilo kwa tahadhari, kwani huenda wanaoaminiana ndio wanaogusana. Na mpokeaji asiyejua kuweka mikono yake hatatibiwa na ngumi elfu moja. Huyo anahitaji mazoezi ya kupokea.

Msisubiri mechi ili kuanza. Mazoezini tuliweka sharti kwamba pointi haihesabiwi mpaka wote sita wamegusana. Siku za kwanza watu waliona aibu, wakawa wanagonga ili mradi wamegonga. Mgongaji wa aina hiyo utamjua kwa macho: mkono unakuja kwako, macho yamebaki kwenye mpira. Tulimrudisha, akagonga tena.