Nimeifuta apu lakini hela bado inakatwa

*"Kaka habari za Mwanga, mimi niko Ujiji nauza vitenge. Mwezi uliopita nilishusha apu ya kusafisha picha, ikasema jaribu bure siku 3, nikaweka ile kadi ya mtandaoni ya kwenye laini yangu. Sikuipenda, kesho yake tu nikaifuta. Sasa meseji zinaingia nimekatwa 12,500, Jumanne 3 mfululizo, ikapita Jumanne moja kimya nikajua imeisha, juzi nimeweka hela ya kulipia tangazo usiku, asubuhi naamka 12,500 imeondoka tena. Apu haipo kwenye simu, inakataje?"*

Dada yangu salama kabisa. Apu uliifuta kweli, ila mkataba hukuugusa, na hapo ndipo watu wengi wanapoliwa. Ile siku uliyobonyeza kukubali siku 3 za bure, hukukubaliana na simu yako, ulikubaliana na akaunti yako ya Google, kwamba siku zikiisha ikate 12,500 kila wiki mpaka useme basi. Apu yenyewe ni kama kibanda tu, ukikivunja mkataba unabaki palepale kwenye akaunti. Hata hiyo simu ukiitupa ziwani leo, Jumanne itafika na hela itaondoka.

Halafu angalia neno wiki. Kwenye hizi apu za picha neno BURE linaandikwa kubwa katikati ya skrini, halafu chini kabisa kwa rangi ya kijivu ndio unakuta "kisha 12,500 kwa wiki". Mtu anasoma 12,500 anadhani ni ya mwezi au ya mara moja. Piga hesabu, wiki 52 ni 650,000 kwa mwaka, kwa kitu cha kufuta ukuta nyuma ya kitenge.

Sasa ile Jumanne iliyopita kimya. Haikuwa imeisha, kadi ilikuwa haina kitu. Malipo yakigonga mwamba Google haifuti usajili siku hiyohiyo, inauacha umesubiri na inaendelea kujaribu kwa siku kadhaa, kwa hiyo ulipoweka hela ya tangazo usiku ilikuwa kama umeipelekea mwenyewe. Ukiona makato yanakuja muda mfupi baada ya kuweka salio na sio siku yake ya kawaida, jua kuna deni la usajili linavizia. Na ndio maana ule ushauri wa mtaani wa "acha kadi tupu tu" haufai, labda kama kadi hiyo hutaitumia tena kwa lolote.

Haya, tuukate. Kwanza fungua meseji au taarifa ya kadi uangalie makato yameandikwaje. Yakianza na GOOGLE halafu kinyota halafu jina, basi mkataba uko Play Store na utafutwa hukohuko. Ungekuta jina la tovuti peke yake bila Google, maana yake ulijisajili moja kwa moja kwao, hapo ingebidi uingie kwenye tovuti yao na imeili uliyotumia utafute sehemu ya akaunti au malipo. Kwa vile wewe ulishushia Play Store, nina uhakika mkubwa utakuta kinyota.

Fungua Play Store, bonyeza ile picha ya duara juu kulia, ingia Payments & subscriptions, halafu Subscriptions. Simu ikiwa kwa Kiswahili utakuta maneno ya malipo na usajili, ni palepale. Utaiona apu kwa jina na tarehe ya kukatwa tena. Iguse, bonyeza Cancel subscription. Itakuuliza sababu, chagua yoyote, itakubembeleza kidogo labda na punguzo, wewe endelea mpaka mwisho kwa sababu watu wengi wanaishia kwenye swali la sababu wakidhani wamemaliza. Umefanikiwa pale ukurasa unapoacha kusema itakatwa tena tarehe fulani na kuanza kusema inaisha tarehe fulani, na imeili ya kuthibitisha inaingia. Piga skrinshoti.

Kama ukifika pale ukakuta hamna kitu usikate tamaa, hilo nakutana nalo hapa dukani karibu kila wiki. Simu nyingi zina Gmail 2 au 3, moja alikufungulia fundi siku unanunua simu, nyingine umefungua mwenyewe baadaye, na usajili unaonekana kwenye ile iliyotumika siku ile tu. Bonyeza tena ile picha ya duara, badilisha akaunti, angalia upya. Njia ya haraka ni kutafuta risiti, ingia Gmail kila akaunti uandike `GPA.` kwenye sehemu ya kutafuta. Kila risiti ya Google Play ina namba inayoanza hivyo, na akaunti yenye risiti ndio yenye mkataba.

Hiyo namba ina utamu wake. Ile ya kwanza, ya siku unaanza bure, inakuwa haina mkia, halafu kila ikijirudia wanaongeza nukta mbili na tarakimu mwishoni, wanaanzia sifuri:

```
GPA.1234-5678-9012-34567
GPA.1234-5678-9012-34567..0
GPA.1234-5678-9012-34567..3
```

Hizo nimetunga za mfano. Kwako risiti ya juzi inatakiwa iishie na ..3, yaani ya nne ukihesabu kutoka sifuri, jumla 50,000. Ukikuta mikia iko kwenye namba 2 tofauti kabisa, basi una usajili 2 na wa pili hukuuona bado.

Ukiwa huna simu ile, au Play Store inakusumbua, ingia kwenye kompyuta yoyote na akaunti hiyohiyo, play.google.com/store/subscriptions, ukate huko. Mwenye aifoni anaenda Settings, anagusa jina lake juu, halafu Subscriptions, na yeye akate angalau saa 24 kabla siku za bure hazijaisha. Hata wa Play asisubiri dakika ya mwisho, wanaweza kukata mapema kidogo kabla ya saa yenyewe. Mimi mwenyewe niliwahi kujaribu apu ya kuskani makaratasi nikajiambia nitaikata siku ya mwisho jioni, nikaikuta imeshakula. Siku hizi naanza majaribio na kuyakata dakika hiyohiyo, kwa Play kawaida unaendelea kutumia mpaka siku zako za bure ziishe.

Kuhusu kurudishiwa, kukata usajili hakurudishi hata mia. Google wanapokea maombi wenyewe ndani ya saa 48 tangu makato, kwa hiyo ya juzi ikiwa bado iko ndani ya muda huo wahi leo, kwenye historia ya oda zako chagua ile ya ..3, omba kurejeshewa, andika kwamba hukuitumia. Zile 3 za Jumanne zimepita muda, itabidi umwandikie mwenye apu, imeili yake iko chini ya ukurasa wa apu Play Store, umtumie hizo namba za GPA. Wengine wanarudisha, wengine hawajibu kabisa. Na ile hela ya tangazo usiiweke kwenye kadi mpaka uwe umeona neno la inaisha kwa macho yako.