PIN ya mteja imekosewa kwenye ankara: kredit noti kwanza, kadi ya mteja baadaye

Ukianza kazi ya hesabu kwenye duka au kampuni ya Kenya inayotumia eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haitapita muda kabla mteja hajakupigia akilalamika: "Ankara yenu siioni kwenye iTax yangu." Mara nyingi PIN yake ya kodi iliandikwa vibaya. Ankara ikishatumwa KRA haihaririki wala haifutiki. Kilichobaki ni kuibatilisha kwa kredit noti, kisha kutoa ankara mpya yenye nambari yake. Wengi wanalijua hilo. Wanapokosea ni kwenye mpangilio wa hatua.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi. Tarehe 24 Septemba limemuuzia mkandarasi mabati ya shilingi 250,000, VAT ya asilimia 16 ni 40,000, jumla 290,000. Ankara ni nambari 118. Karani amepishanisha tarakimu mbili za PIN, na kwa bahati mbaya PIN iliyotokea ni ya mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo mkandarasi hana ankara ya kudai VAT yake, na mtu asiyehusika ameandikiwa mabati ambayo hakununua.

Kitu cha kwanza ambacho karani mgeni hukimbilia ni kufungua kadi ya mteja, yaani taarifa zake zilizohifadhiwa kwenye programu ya hesabu, na kurekebisha PIN. Usiiguse bado. Baadhi ya programu za hesabu huchukua PIN kutoka kwenye kadi wakati wa kutengeneza kredit noti. Ukisharekebisha kadi, kredit noti itatoka na PIN sahihi, na ankara 118 itabaki kwenye PIN ya yule asiyehusika. Kredit noti inatakiwa kubeba kosa lilelile: PIN ileile mbaya, bidhaa zilezile, kiasi chote cha 290,000, ikitaja ankara 118. Ifungue kutoka kwenye ankara yenyewe badala ya kuiandika upya, kisha kagua PIN kabla ya kutuma. Kwenye orodha ya sababu, chagua ile ya PIN ya mteja kukosewa. Ya jina kukosewa ni nyingine. Usiweke kwamba bidhaa zimerudishwa, kwa sababu mabati yako juu ya paa la mtu tayari.

Kredit noti ikishapokelewa, ndipo urekebishe kadi. Mwombe mteja cheti chake cha PIN. Usikubali tarakimu za kusomewa kwenye simu. PIN ina herufi, tarakimu 9, kisha herufi: ya kampuni huanza na P, ya mtu binafsi na A. Ihakiki kwa PIN Checker ya iTax na uangalie jina linalotokea. Kisha toa ankara mpya. Kama duka limefika 125, hii ni 126, na tarehe ni ya leo. Ile 118 inabaki kwenye mfululizo, kredit noti yake ikiwa pembeni, na mkaguzi akiuliza ana njia ya kufuata. Pengo au nambari iliyotumika mara mbili ndiyo itakayomfanya avute kiti.

Tuseme mteja amelalamika Oktoba, na ritani ya VAT ya Septemba imeshawasilishwa. Hakuna haja ya kuirekebisha. Zile 40,000 za Septemba zilikuwa sahihi. Oktoba kredit noti inapunguza 40,000 na ankara 126 inarudisha 40,000. Ukitoa ankara mpya ukasahau kredit noti, unakuwa umetangaza mauzo mara mbili na utalipa 80,000 kwa mabati yaleyale. Dalili yake huonekana mwisho wa mwezi: jumla ya ankara ukiondoa kredit noti inazidi kilichouzwa kweli. Usikawie pia, maana sheria ya VAT inaruhusu kredit noti ndani ya miezi sita tangu ankara itolewe.

Jina likikosewa herufi moja huku PIN ikiwa sawa, madhara ni madogo, kwa kuwa kodi hufuata PIN. Bado mteja akitaka jina sahihi, njia ni hiyohiyo. Kuhariri PDF na kuichapisha upya ni kujitafutia balaa: anayeskani msimbo wa QR huona kilichotumwa KRA, na karatasi yako itasema kingine.

Yamebaki mambo mawili ndani ya vitabu vyenu. Kredit noti inaweza kuwa imerudisha mabati stoo kwenye mfumo, kwa hiyo hakikisha ankara 126 imeyatoa tena. Na kama mkandarasi alishalipa, malipo yake bado yamefungwa na 118. Yahamishie 126, la sivyo taarifa ya madai itamwonyesha anadaiwa 290,000 na mtu wa kufuatilia madeni atampigia simu.