Nusu au theluthi mbili?

*Swali la wiki: Ni lini uligundua kuwa jambo ulilodhani unalijua, kumbe hulijui?*

Likizo ya Desemba iliyopita, mezani kwa mama, katikati ya vitambaa vya wateja. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha tatu, mdogo wangu anaingia darasa la saba, na hesabu za sehemu zilikuwa zinamtesa. Nikalitoa daftari langu la zamani, ambalo mama hajawahi kulitupa. Nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu: "Kugawanya sehemu: geuza ya pili, kisha zidisha." Basi, hakuna kingine.

Nikamfanyia mfano: 2 ÷ 3/4 = 2 × 4/3 = 8/3, yaani 2 na theluthi mbili. Akauliza kwa nini tunageuza. Nikamjibu ndiyo kanuni. Hakuridhika, na kwa kweli hata mimi nilijisikia vibaya kumjibu hivyo, kwa hiyo nikachukua utepe wa mita 2 na futi ya mama. Tukate vipande vya robo tatu mita, tuone vitatoka vingapi.

Vikatoka viwili. Akapima kilichobaki: sentimita 50.

"Dada, hii ni nusu. Mbona daftari lako linasema theluthi mbili?"

Nikapiga hesabu upya, ikaja ileile. Nikapima utepe upya, nusu mita. Nilikaa kimya kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mwalimu. Hatimaye nikakiweka kile kilichobaki juu ya kipande kizima cha sentimita 75, na hapo nikaona: kinafunika theluthi mbili yake. Swali lilikuwa vipande vingapi, si mita ngapi. Nusu ni ya mita, theluthi mbili ni ya kipande. Miaka yote nilikuwa naandika jibu bila kujua linahesabu kitu gani.

Kule kugeuza nako kukafunguka. Mita 2 zina robo 8, ndiyo kuzidisha kwa 4. Kila kipande kinakula robo 3, ndiyo kugawanya kwa 3. Nane kwa tatu.

Nikajiona bingwa, hadi aliponipa 1/2 ÷ 1/3. Nusu haikatiki katika theluthi kamili, nami maelezo yangu yalitegemea namba nzima mwanzoni. Safari hii ni yeye aliyesema tuvikate vyote vilingane. Nusu ni sehemu tatu kati ya sita, theluthi ni sehemu mbili kati ya sita. Tatu kwa mbili, moja na nusu.

Chini ya ule wino mwekundu nikaandika: "Jibu ni vipande vingapi." Mama akaja kuuliza utepe wa gauni la mteja uko wapi.